Blidi, mstari wa kukatia na eneo salama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu picha za kuchapwa

Maswali haya yanahusu picha inayojaza karatasi hadi ukingoni: imekropiwa kwenye kompyuta, ikachapwa, kisha karatasi ikakatwa kwa kisu. Karibu mifano yote inatumia kadi ya A5, yaani milimita 148 kwa 210, ili tarakimu zisikuchanganye. Tukisema kukropu tunamaanisha kazi ya kompyuta; tukisema kukata tunamaanisha kisu.

## Misingi

1. Blidi ni nini hasa?

Ni sehemu ya picha inayopita mstari wa kukatia na kuendelea nje yake. Inachapwa huku kila mtu akijua kwamba itaishia kwenye pipa la taka. Kazi ya namna hii huchapwa kwenye karatasi kubwa kuliko kipimo chake, kisha ikakatwa. Picha ikiishia pale pale kwenye mstari wa kukatia, kisu kikitua nusu milimita nje ya mstari unabaki na uzi mweupe ubavuni mwa kadi, na kwenye picha yenye giza uzi huo hauna pa kujificha. Picha ikiendelea milimita 3 zaidi, kisu kikikosea kidogo bado kitaangukia penye rangi.

Kwa hiyo kila ukurasa una mistatili mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Wa nje ni ukingo wa blidi, wa kati ni mstari wa kukatia, wa ndani ni eneo salama. Blidi inakukinga kisu kikiangukia nje. Eneo salama linakukinga kisu kikiingia ndani. Wengi hukumbuka blidi kwa sababu kiwanda hukataa faili isiyo nayo. Eneo salama hakuna anayelidai, na ndiyo maana vidole na vichwa vinaendelea kukatwa kwenye faili zilizokuwa na blidi nzuri kabisa.

2. Mashine siku hizi ni za kisasa. Kwa nini kisu kikose?

Kwa sababu makosa madogo yanajumlishana kabla kisu hakijashuka. Kwanza, picha yenyewe haitui mahali pamoja kwenye kila karatasi: mashine inavuta karatasi moja baada ya nyingine, na moja inaingia ikiwa imesogea kidogo, nyingine imepinda kidogo. Pili, karatasi hubadilika kipimo. Mashine inayoyeyusha wino wa unga kwa joto hukausha unyevu wa karatasi, nayo husinyaa kiasi kabla ya upande wa pili kuchapwa.

Kisha linakuja rundo. Gilotini haikati karatasi moja; inakata mamia kwa pamoja, zikiwa zimepigwapigwa zikalingana na kubanwa na kibano kizito. Karatasi zenye mng'ao huteleza zikibanwa, na kisu kilichoanza kuwa butu huzivuta, hivyo karatasi ya juu na ya chini katika rundo moja hazitoki sawasawa. Hakuna uzembe hapo. Msogeo wa milimita 1 hadi 1.5 ni jambo ambalo kazi yoyote ya kawaida inapaswa kulivumilia, na mbunifu anayepanga picha kana kwamba msogeo huo haupo anampa mchapaji kazi isiyowezekana.

3. Blidi iwe milimita ngapi?

Kwa kadi, vipeperushi, majalada na majarida, milimita 3 kila upande ndicho kipimo kinachotumika sana. Wanaofanya kazi kwa inchi hutumia moja ya nane, ambayo ni milimita 3.175, kwa hiyo ni karibu kitu kile kile. Mabango makubwa na kazi zinazokunjwa au kubandikwa juu ya kitu kingine huhitaji zaidi, na picha inayovutwa juu ya fremu ya mbao huhitaji sentimita kadhaa za kuzunguka ubavu.

Muulize mchapaji kabla ya kuanza kukropu. Kuongeza blidi kutoka 3 hadi 5 baada ya kazi kukamilika maana yake ni kukropu upya, na huenda picha isiwe na sehemu ya kutoa.

4. Eneo salama nalo liwe ngapi?

Mimi huweka milimita 5 ndani ya mstari wa kukatia kwa kadi na vipeperushi. Viwanda vingi huandika 3, na 3 inatosha ili kitu kisikatwe. Lakini jicho haliridhiki na kutokatwa tu. Kidole kilichobaki milimita 2 kutoka ukingoni kimesalimika, ila kinaonekana kama kilikoswakoswa. Milimita 5 zinampa kisu nafasi ya kukosea na bado zinaacha hewa. Kwa vitabu soma swali la 13 na la 14, maana huko upande wa ndani una sheria zake.

## Kukropu picha yenyewe

5. Nikropu kwa kipimo cha kadi au kwa kipimo chenye blidi?

Kropu kwa kipimo chenye blidi, halafu hukumu kwa eneo salama. Kadi ya A5 yenye blidi ya milimita 3 ni 148 jumlisha 6 kwa 210 jumlisha 6, yaani 154 kwa 216. Picha lazima ijaze mstatili huo wote.

Kosa la kawaida ni kukropu picha ikapendeza ndani ya 148 kwa 210, kisha dakika ya mwisho kuinyoosha ili ifike 154 kwa 216. Uwiano wa mistatili hiyo miwili haulingani: upana unahitaji kuongezeka kwa takribani asilimia 4, urefu kwa chini ya asilimia 3. Ukivuta pande zote mbili zifike, uso wa mtu unanenepa kidogo. Ukikuza kwa uwiano ulio sawa, kila kilichokuwa karibu na ukingo kinasukumwa nje. Anza na mistatili yote mitatu ikionekana kwenye skrini, picha ikiwa chini yake, na usogeze picha badala ya kusogeza mistari.

6. Naomba mfano mmoja wenye hesabu kamili.

Tuchukue picha ya simu iliyosimama, pikseli 3000 kwa 4000. Ndani yake kuna mhitimu ameinua cheti juu ya kichwa kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kiuno. Juu yake kuna anga tupu, kulia kwake ukuta mtupu. Ncha ya cheti iko pikseli 90 kutoka juu ya picha. Kiwiko kiko pikseli 200 kutoka kushoto. Viatu vinaishia pikseli 400 kutoka chini.

Picha hii ni nene kidogo kuliko kadi, kwa hiyo urefu ndio unaoamua. Pikseli 4000 zikijaza milimita 216, kila milimita inapata pikseli 18.52. Upana wa picha unakuwa 3000 gawanya kwa 18.52, yaani milimita 162. Tunahitaji 154 tu, hivyo kuna milimita 8 za kutupa kwa upana, na kwa urefu hakuna ziada yoyote.

Sasa tazama kiwiko. Kiko pikseli 200 kutoka kushoto, ambazo ni milimita 10.8. Programu ukiiachia, itakropu katikati na kutoa milimita 4 kila upande. Kiwiko kitabaki milimita 6.8 kutoka ukingo wa blidi, na ukitoa 3 za blidi, ni 3.8 kutoka kwenye mstari wa kukatia. Hakijakatwa, lakini kimetoka nje ya eneo salama. Tukitoa milimita zote 8 upande wa kulia, penye ukuta mtupu, kiwiko kinabaki 7.8 kutoka kwenye mstari. Hilo limekwisha bila kugusa kitu kingine.

Cheti ni kigumu zaidi. Pikseli 90 ni milimita 4.86. Ukitoa 3 za blidi, ncha yake iko milimita 1.86 tu ndani ya mstari wa kukatia. Kwenye skrini inaonekana iko ndani, na ndipo watu hudanganyika. Kisu kikisogea 1.5, kinachobaki juu ya cheti ni theluthi moja ya milimita. Ili kifike eneo salama kinapaswa kuwa milimita 8 kutoka ukingo wa blidi, yaani pikseli 148. Tumepungukiwa pikseli 58.

Suluhisho langu ni kuishusha picha pikseli 60 na kujaza pengo la juu kwa anga ya kuendeleza. Cheti sasa kiko pikseli 150 kutoka juu, sawa na milimita 8.1. Chini tumepoteza pikseli 60 za sakafu, lakini viatu vina pikseli 340 zilizobaki, ambazo ni zaidi ya milimita 18. Na anga ile ya kubandika? Pikseli 60 ni milimita 3.24, na 3 kati ya hizo ziko ndani ya blidi. Kisu kikitua sawasawa, msomaji ataona robo ya milimita tu ya anga isiyo ya kweli. Ndiyo maana sisiti kutengeneza blidi kwa mkono pale ambapo ukingo ni anga, ukuta au majani: kazi hiyo karibu yote inakwenda kwenye taka.

7. Nitajuaje kama pikseli zinatosha baada ya kuongeza blidi?

Gawanya pikseli zilizobaki kwa milimita za upande wenye blidi, kisha zidisha kwa 25.4. Mhitimu wetu ana 18.52 mara 25.4, takriban pikseli 470 kwa inchi, na kinachoombwa kwa kawaida ni 300. Kwa A5 yenye blidi, 300 maana yake ni angalau pikseli 1819 kwa 2551. Watu hupiga hesabu hii kwa kipimo cha kadi bila blidi, wakaona wamefikia 300 kamili, kumbe wameishia kwenye 288. Tofauti hiyo jicho haliioni, ila mashine ya kukagua faili inaweza kulalamika.

8. Kitu kikubwa, kama gari au umati, hakiwezi kuingia chote kwenye eneo salama. Nifanyeje?

Si lazima kiingie chote. Lililo la lazima ni kuamua: kitu ama kiko ndani kwa wazi, ama kimekatwa kwa wazi. Hatari iko kwenye vile vinavyogusa mstari wa kukatia. Gari ambalo bampa yake inaishia nusu milimita ndani ya mstari litaonekana zima kwenye kadi moja na limeng'olewa bampa kwenye kadi inayofuata, na hakuna namna ya kuonekana kama ulikusudia. Likate gari katikati ya gurudumu na msogeo wa milimita 1.5 hautabadilisha chochote.

Kwa watu, kuna sehemu zinazokubali kukatwa na zisizokubali. Pajani na katikati ya mkono wa juu hapana shida. Kwenye maungio, yaani vifundo, magoti na viwiko, kukata kunaonekana kama ajali hata kisu kikiwa sahihi. Kwa hiyo ukimkropu mtu pajani, hakikisha goti haliko ndani ya zile milimita 3 za blidi ama 5 za eneo salama. Kisu kikitua nje kidogo ya mstari, kipande cha goti kitachungulia.

9. Vipi nikiweka fremu ya rangi kuzunguka picha?

Fremu nyembamba ukingoni ndiyo njia ya hakika ya kuutangaza msogeo. Fremu ya milimita 4, kisu kikisogea milimita 1, inakuwa 3 upande mmoja na 5 upande wa pili, na jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu uchapaji linaliona hilo papo hapo. Fremu ya milimita 15 ikisogea vivyo hivyo inakuwa 14 na 16, na hakuna anayeona. Ikiwa fremu ni lazima, iwe pana, au upande wa chini uwe mpana kuliko mingine kwa makusudi ili jicho lisiwe na cha kulinganisha. Fremu nayo iendelee hadi mwisho wa blidi, isipokuwa ikiwa nyeupe.

## Picha isiyo na ziada

10. Nimepewa picha iliyokwisha kukropiwa ikabana. Blidi nitaitoa wapi?

Kwanza omba picha asili. Mara nyingi ipo, na aliyekutumia hakujua kwamba sehemu aliyoitupa ndiyo unayoihitaji. Picha zilizopita kwenye programu za ujumbe huwa zimekropiwa na kupunguzwa pikseli kwa mpigo mmoja, kwa hiyo kuomba asili kunatatua mawili.

Ikikosekana, njia ya haraka ni kuikuza asilimia 4 ili upana wa 148 ufike 154. Ijaribu kwa hesabu kwanza: kitu kilichokuwa milimita 5 kutoka ukingo wa picha sasa kiko 5.2 kutoka ukingo wa blidi, yaani 2.2 tu kutoka kwenye mstari wa kukatia. Ikiwa kitu hicho ni jani, endelea. Ikiwa ni paji la uso, acha.

Njia ya pili ni kuendeleza ukingo: kugeuza kioo ukanda mwembamba wa mwisho wa picha au kuchora juu yake kwa kunakili sehemu za jirani. Kugeuza kioo hufanya kazi vizuri kwenye mchanga, nyasi na ukungu. Kwenye mistari inayokuja ukingoni kwa mshazari, kama nyaya au matofali, hutengeneza umbo la mkuki pale kwenye mstari wa kukatia, na kisu kikitua nje kidogo mkuki huo unaonekana.

Njia ya tatu ni kuacha kabisa kujaza karatasi. Weka picha ndani ya ukingo mpana mweupe, kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9, na blidi haihitajiki tena. Wabunifu wengi huiona njia hii kama kushindwa. Kwangu ni bora kuliko uso uliokuzwa hadi masikio yakakaribia kisu.

11. Nimepewa faili moja ya picha yenye maandishi tayari juu yake, yakiwa karibu na ukingo. Inaokolewa vipi?

Hapa kukuza hakufai, kwa sababu maandishi yatasukumwa nje pamoja na picha. Fanya kinyume: punguza picha nzima mpaka maandishi yaingie eneo salama, kisha endeleza mandhari kuzunguka pande zote kwa njia za swali la 10. Mandhari ikiwa ya rangi moja ni kazi ya dakika chache. Ikiwa ni picha yenye mambo mengi, rudisha kwa mteja na umwombe faili yenye matabaka.

## Faili inayokwenda kiwandani

12. Nimeweka blidi kwenye programu, lakini kiwanda kinasema haipo. Imekwenda wapi?

Kuweka blidi wakati wa kuanza kazi na kuitoa wakati wa kuhifadhi ni hatua mbili tofauti. Kwenye InDesign, dirisha la kutoa PDF lina sehemu ya `Marks and Bleeds`, na usipochagua `Use Document Bleed Settings` blidi inakatwa. Kwenye Scribus kisanduku kinaitwa `Use Document Bleeds`. Kwenye Canva unachagua `Crop marks and bleed` wakati wa kupakua. Photoshop haina mpango wa blidi. Unafungua ukurasa wa 154 kwa 216 tangu mwanzo na kuweka mistari ya kuongozea mwenyewe.

Sababu nyingine ni fremu ya picha, yaani kisanduku kinachobeba picha ndani ya programu, kuishia kwenye mstari wa kukatia. Programu haivumbui blidi. Inatoa kile kilichopo nje ya ukurasa. Vuta fremu hadi mstari wa blidi, pande zote nne, na uangalie upya kila unapobadilisha picha.

Kukagua, fungua PDF kwa programu inayoonyesha mistatili ya ukurasa, au tumia amri hii ya Poppler:

```
pdfinfo -box kadi.pdf
```

Kwa A5 yenye blidi ya milimita 3, bila alama za kukatia, mistari muhimu inapaswa kusomeka hivi:

```
BleedBox:   0.00   0.00   436.54   612.28
TrimBox:    8.50   8.50   428.03   603.78
```

Vipimo ni pointi, na pointi 8.50 ndizo milimita 3. `TrimBox` ikiwa sawa na `BleedBox`, blidi haipo au programu haikuitambulisha. Amri hii hata hivyo haijui kilichomo ndani: mistatili inaweza kuwa sahihi huku picha ikiwa imeishia kwenye mstari wa kukatia. Kwa hiyo tazama pia kwa macho.

Jambo dogo kuhusu alama za kukatia: kwenye InDesign huanza zikiwa milimita 2.117 kutoka kwenye ukurasa, umbali ulio mfupi kuliko blidi ya 3, kwa hiyo ncha zake huchapwa juu ya blidi. Kisu kikitua nje, mstari mweusi unabaki kwenye kona ya kadi. Badilisha `Offset` iwe milimita 3 au zaidi.

## Hali za pekee

13. Kwenye kitabu, upande wa ndani unahitaji blidi?

Kwenye kijitabu cha pini, hapana, kwa sababu pale karatasi inakunjwa, haikatwi. Kitabu cha gundi hutofautiana: mgongo husagwa kabla ya gundi, na kurasa hazifunguki zikalala. Hapo kitu muhimu kikae milimita 10 hadi 15 kutoka mgongoni, hata kama hakuna kisu kinachokifikia, maana kitamezwa na mkunjo.

Picha ikipita kurasa mbili, usiuweke uso kwenye mkunjo, wala usitegemee mstari wa upeo wa macho kuungana sawasawa. Kurasa hizo mbili mara nyingi zimechapwa kwenye karatasi tofauti, na kila moja ina msogeo wake. Tofauti ya milimita 1 kwenye mawimbi haionekani. Kwenye ukingo wa meza inaonekana.

14. Kurasa za katikati ya kijitabu cha pini zimekatwa zaidi kuliko za mwanzo. Kuna aliyekosea?

Hapana, ni unene wa karatasi. Zikikunjwa pamoja, za ndani husukumwa nje na zilizo nyuma yake, halafu gilotini hukata zote kwa mstari mmoja. Kijitabu cha kurasa 64 kina karatasi 16. Kila moja ikiwa na unene wa milimita 0.1, ya ndani kabisa inatokeza karibu milimita 1.5, na hiyo yote hukatwa. Kiwanda kinaweza kufidia kwa kusogeza kurasa za ndani kuelekea mgongoni wakati wa kupanga. Usifidie mwenyewe, isije ikafidiwa mara mbili. Wewe panua eneo salama la upande wa nje hadi milimita 8 au 10 kwenye kurasa za katikati, hasa penye picha za watu.

15. Kona zikiwa za mviringo?

Kona yenye nusu kipenyo cha milimita 6 hukata karibu milimita 2.5 kwa mshazari kutoka kwenye ncha. Eneo salama la 5 linatosha kwa picha, ila nembo iliyosukumwa kabisa kwenye kona itaonekana imebanwa.

16. Printa yangu huchapa bila ukingo mweupe. Bado nahitaji blidi?

Printa hizo hukuza picha kidogo na kuimwaga nje ya karatasi. Ni blidi ile ile, tofauti ni kwamba printa imeamua yenyewe, bila kukuonyesha itakachokula. Eneo salama linabaki muhimu vile vile. Chapa karatasi moja ya majaribio yenye mistari kila milimita kutoka ukingoni, uhesabu mingapi imepotea kila upande.

17. Kazi imerudi na cheti kimekatwa. Nitajuaje kosa ni la nani?

Chukua rula na kadi kadhaa kutoka sehemu mbalimbali za rundo, siyo moja ya juu tu. Pima kwanza kadi yenyewe. Ikiwa ni 148 kwa 210, kipimo cha kukata ni sahihi na tatizo ni mahali picha ilipotua. Ikiwa ni 147 kwa 210, au upande mmoja una 148 juu na 147 chini, gilotini ilipangwa vibaya au rundo lilipinda.

Kisha linganisha na faili. Upande mmoja umepoteza na wa mkabala umepata kiasi kile kile: huo ni msogeo. Ukiwa chini ya milimita 1.5 hauna dai, na cheti kilichokatwa kilikuwa nje ya eneo salama tangu mwanzo. Msogeo wa milimita 3 kwenye kadi zote ni mpangilio mbaya, na kiwanda kirudie. Msogeo unaobadilika kutoka kadi za juu hadi za chini unatokana na rundo kuvutwa wakati wa kukata.

Pande zote nne zikiwa zimepoteza kwa usawa, mara nyingi faili haikuwa na blidi na mtu aliikuza ili ijaze. Zikiwa zimepata, yaani unaona hadi ukingo wa blidi na maandishi yamekuwa madogo kidogo, faili ya 154 ilipunguzwa ikaingizwa kwenye 148. Pima neno moja refu kwenye kadi na kwenye faili: likiwa takriban asilimia 96 ya urefu wake, una jibu, na unaweza kumpelekea mchapaji vipimo viwili badala ya malalamiko.